KUHIMIZA VIPURI VILIVYOAGIZWA
Namna ya kumwandikia mwuzaji na kujitolea kulipa nauli ya haraka

Wasomaji wetu wa nchi za kahawa wajua ya kuwa buni mbivu haingoji mtu. Ikichumwa asubuhi yapasa imenywe siku ile ile, maana ikilala katika gunia au katika lundo hupata joto, huanza kuchacha, na harufu yake mbaya huingia katika kahawa isiweze kutoka tena. Basi mashine ya kumenyea ikivunjika katikati ya msimu, kila siku inayopita ni hasara, na viongozi wa chama hukimbilia kumwandikia mwuzaji wa vipuri, "Tafadhali fanyeni haraka, tuko katika shida kubwa, nauli yoyote tutalipa."

Barua ya namna hiyo imejaa uchungu, lakini haimsaidii mwuzaji hata kidogo. Haisemi ni kipuri gani kinachohimizwa, haisemi kinatakiwa kifike siku gani, na hilo neno "nauli yoyote" humtia mashaka badala ya kumpa ruhusa. Twataka leo kueleza jinsi ombi kama hilo liandikwavyo hata likaleta kitu chenyewe, wala si majibu ya adabu tu.

NAULI HUHARAKISHA NJIA TU

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba muda wa kungoja kitu ulichoagiza umegawanyika katika sehemu. Kuna muda wa kukitayarisha, yaani kukitengeneza, au kukitoa ghalani na kukifunga. Kuna muda wa safari. Na kama kinatoka nchi za nje, kuna tena muda wa forodha. Nauli ya haraka hupunguza muda wa safari peke yake. Ikiwa kipuri hakijatengenezwa, ndege iendayo kasi haitakitoa kiwandani. Ikiwa kipo ghalani lakini fedha yake haijaonekana benki, basi la asubuhi litaondoka bila ya kukichukua.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwuzaji si "Mtafanya haraka lini?" bali ni hili: "Kitu chetu kiko wapi leo, na kimezuiwa na nini?" Tumeona mara nyingi kwamba jibu la swali hili hubadili shauri lote. Watu hudhani kitu kiko mbali kumbe kimekwisha fika ghalani, nacho kinangoja vingine vilivyoagizwa pamoja nacho, ili vyote vipelekwe kwa mzigo mmoja na nauli iwe ndogo. Mwuzaji hafanyi vibaya, maana alidhani wamtaka apunguze gharama. Hakuambiwa kwamba mambo yamegeuka.

TUCHUKUE MFANO MMOJA

Tuseme kuna chama cha ushirika katika milima ya kusini ya Tanzania, chenye mashine moja ya kumenyea buni. Mashine hiyo ni ya sahani, yaani ndani yake huzunguka sahani ya chuma yenye vipele, nayo huikandamiza buni mpaka ganda jekundu litoke. Mwanzo wa mwezi wa Juni chama kiliagiza sahani 4 za akiba kwa mwuzaji wa Dar es Salaam, kikalipa nusu ya bei, kikaambiwa zitakuja zote pamoja kwa lori mwisho wa Julai. Hapakuwa na haraka yoyote, kwa sababu sahani ya zamani ilikuwa bado yafanya kazi.

Jumatatu moja jioni, katikati ya Juni, beringi iliyoshika mhimili wa mashine ikavunjika. Mhimili ukayumba, sahani ikasugua ukuta wa chuma, na vipele vyake vikalika. Sasa mashine yataka vitu viwili, beringi na sahani, na wanachama wachuma kilo 3,000 za buni kila siku isipokuwa Jumapili.

Kabla ya kuandika lolote, katibu mwenye busara huketi na fundi, akamwuliza kila kitu kilichovunjika kwa jina lake na kwa namba yake. Katika mfano wetu beringi ina namba 6205 iliyochorwa ubavuni. Namba hiyo si siri ya kiwanda kilichotengeneza mashine. Hutumika na watengenezaji wa beringi ulimwenguni kote, nayo maana yake ni beringi yenye tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52, na unene milimita 15. Kama namba imefutika, fundi aweza kupima vipimo hivyo vitatu kwa rula ya chuma akaitambua. Beringi kama hiyo hutumika katika pikipiki na mashine nyingi, na yaweza kupatikana katika duka la vipuri la mji wa mkoa. Hapana haja ya kumhimiza mtu wa Dar es Salaam kwa kitu kilicho karibu.

Lakini sahani ni ya mashine ile peke yake, na haipatikani mjini. Basi tazameni jinsi jambo lilivyopungua. Ombi la haraka halihusu tena vipuri vyote, wala sahani zote 4. Lahusu sahani 1 tu, inayotosha kuifanya mashine izunguke. Kadiri ombi linavyokuwa dogo, ndivyo linavyokuwa jepesi kukubaliwa.

HESABU KABLA YA KUAHIDI

Mtu asiyejua hasara yake kwa siku hawezi kujua ni nauli gani inayofaa kulipwa. Huenda akakataa shilingi chache akapoteza nyingi, au akalipa nyingi kuokoa chache.

Tuhesabu hivi. Kilo 5 hivi za buni mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa. Kwa hiyo kilo 3,000 hutoa kilo 600. Mashine ikisimama, buni haitupwi yote. Yaweza kuanikwa nzima pamoja na tunda lake juu ya vichanja, lakini kahawa hiyo huuzwa kwa bei ya chini. Tuseme upungufu wa bei, kwa kiasi kile kile cha kahawa, ni shilingi 1,000 kwa kilo. Basi kila siku ya kuchuma yapoteza shilingi 600,000. Lakini chama jirani kimekubali kumenya kilo 1,000 kwa siku kwa ajili yetu, yaani theluthi moja. Basi hasara yetu ya kweli hubaki shilingi 400,000 kwa siku. Ni lazima kuyahesabu hayo pia, maana hasara iliyotiwa chumvi huzaa nauli iliyotiwa chumvi.

Jumanne asubuhi katibu akapiga simu kwa mwuzaji, akauliza swali letu la kwanza. Akajibiwa kwamba sahani 1 ipo ghalani tangu zamani, na zile 3 zingali njiani katika meli. Ile moja yangoja wenzake. Hapo ndipo palipokuwa na ufunguo wa mambo yote.

Sasa njia ni tatu. Lori la mizigo huondoka Ijumaa, hufika mji wa mkoa Jumatatu, na sahani yaweza kuwa kijijini Jumanne mchana, kwa shilingi 15,000. Basi la abiria huondoka kila siku alfajiri, hufika mjini usiku, na kwa pikipiki sahani yaweza kuwa kijijini Alhamisi asubuhi. Gharama yake ni shilingi 40,000 za basi, shilingi 30,000 za pikipiki, na shilingi 10,000 za mtu wa kuipeleka stendi huko Dar es Salaam, jumla shilingi 80,000. Njia ya tatu ni ndege, lakini katika juma lile ndege inayofuata ni ya Ijumaa. Ndege huruka kwa saa chache tu, lakini isiyoondoka leo haina mbio. Basi la abiria laishinda kwa siku nzima, na kwa fedha kidogo.

Tofauti ya basi na lori ni siku 4 za kuchuma, yaani Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu. Hizo ni shilingi 1,600,000. Nyongeza ya nauli ni shilingi 65,000. Hapana mwanakamati atakayebishana na hesabu hiyo ikiandikwa mbele yake. Kamati ikakutana dakika chache, ikampa katibu ruhusa ya kutumia hata shilingi 150,000 kwa usafirishaji, nayo ikaandikwa katika kitabu cha mkutano. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Katibu akiahidi nauli bila ya ruhusa, mwuzaji atalipia kutoka mfukoni mwake, kisha atakuta chama chabishana juu ya fedha yake, na siku nyingine hatasikiliza ombi la haraka la mtu yeyote wa upande ule.

BARUA YENYEWE

Baada ya simu, andikeni barua siku ile ile, kwa njia yoyote inayofika upesi. Simu huleta habari, lakini maandishi ndiyo yanayompa karani wa ghala ruhusa ya kutoa kitu. Barua ya chama chetu iliandikwa hivi:

"Kwa Bwana Meneja. Kwa heshima twakukumbusha agizo letu namba 27 la tarehe 2 Juni, la sahani 4 za mashine ya kumenyea buni, ambalo tumelipa nusu ya bei yake.

Mashine yetu imevunjika jana jioni katikati ya mavuno. Kwa hiyo twaomba agizo hili ligawanywe. Sahani 1 iliyomo ghalani kwako, tuliyoambiwa leo kwa simu, itumwe peke yake sasa. Sahani 3 zilizobaki zije baadaye kwa lori kama tulivyopatana, wala hazina haraka.

Twaomba sahani hiyo 1 iondoke Dar es Salaam kwa basi la abiria la kesho Jumatano alfajiri, ipate kutufikia Alhamisi asubuhi. Gharama zote za kuipeleka stendi na za basi ni juu yetu. Twakuruhusu kulipa kwa ajili yetu hata shilingi 70,000 bila ya kutuuliza tena. Ikizidi hapo, tafadhali tupigie simu kabla ya kulipa. Tutumie stakabadhi, nasi tutakurudishia fedha hiyo siku ya kuiona.

Bei ya sahani yenyewe imekwisha funikwa na fedha tuliyotanguliza. Nakala ya hati ya benki imeambatishwa hapa.

Twaomba utujibu leo kabla ya saa 10 jioni, kama yawezekana au haiwezekani. Ikiwa haiwezekani, tupe siku iliyo ya mapema kuliko zote, tupate kufanya shauri jingine. Mwenye kuamua jambo hili kwa upande wetu ni Katibu, na namba yake ya simu ni ile iliyo juu ya barua hii. Wako katika kazi, Katibu wa Chama."

Twaomba wasomaji waitazame barua hiyo tena, maana kila fungu lina kazi yake.

Namba ya agizo imewekwa mwanzo, ili karani asipoteze nusu saa kutafuta. Sababu imeelezwa kwa sentensi moja tu. Mwuzaji apaswa kujua kwamba haraka ni ya kweli, lakini hadithi ndefu ya shida humlazimu asome kurasa mbili kabla ya kujua anatakiwa afanye nini.

Kisha agizo limegawanywa waziwazi. Kama fungu hilo lingekosekana, mwuzaji angeweza kufikiri kwamba chama chataka sahani zote 4 kwa haraka, naye angejibu kwa kweli kabisa, "Haiwezekani mpaka mwisho wa Julai." Hilo ndilo jibu ambalo wengi hupata, nao hulalamika kwamba wamenyimwa, kumbe waliuliza kitu kingine.

Neno "haraka" halikuachwa peke yake. Limefungwa na siku na njia, yaani Jumatano alfajiri kwa basi la abiria. Kwa mtu mmoja haraka ni leo, kwa mwingine ni juma hili. Siku ikitajwa, kila mtu ghalani ajua kama ametimiza au hakutimiza.

Nauli imetajwa pamoja na mpaka wake. Kamati iliruhusu shilingi 150,000, lakini katibu alimpa mwuzaji shilingi 70,000, akabakiza nyingine kwa pikipiki na kwa mambo yasiyotazamiwa. Mpaka huo wafanya kazi mbili. Humlinda mnunuzi asitozwe bila ya kipimo, na humpa mwuzaji uhuru wa kulipa upesi bila ya kungoja ruhusa. Mwuzaji asiyepewa mpaka atapiga simu kuuliza, simu haitapokewa, na basi litaondoka.

Mwisho, barua yaomba jibu la ndiyo au la kwa saa maalum. Jibu la "la" linalopatikana leo lina faida kuliko "tutajaribu", maana mwenye "la" ataanza kutafuta mahali pengine jioni ile ile.

KUTUMWA SI NENO, NI STAKABADHI

Taabu nyingine huzuka baada ya mwuzaji kukubali. Hujibu, "Tumekwisha tuma," na watu hutulia. Lakini neno "tumetuma" lina maana nyingi. Laweza kuwa mzigo umefungwa, au umetolewa ghalani, au umepewa kijana aupeleke stendi kesho. Alama ya kweli ni stakabadhi ya mzigo. Ombeni picha yake kwa simu, mkatazame humo mambo manne: jina la basi na namba yake ya usajili, saa ya kuondoka, namba ya mzigo, na jina la mpokeaji. Jina la mpokeaji liwe la mtu atakayekwenda mwenyewe stendi na kitambulisho chake, wala si la chama tu, maana ofisi ya mizigo haitampa mtu mzigo usio na jina lake.

Kama kufikia jioni ya Jumanne hakuna jibu, katibu apige simu, wala asiandike barua ya pili iliyo kali. Na kama Jumatano asubuhi hakuna picha ya stakabadhi, basi ajue kwamba mzigo haukuondoka, hata kama ameambiwa umeondoka, nao wafanye hesabu upya kwa basi la Alhamisi.

Kazi ya huku nyumbani pia isingoje. Jumatano yote ina nafasi ya kununua beringi mjini, kutoa mhimili, kuutazama kama umepinda, na kusafisha mashine. Tumesikia habari za vipuri vilivyokuja mbio kwa nauli kubwa, kisha vikakaa siku mbili kijijini kwa kuwa fundi hakuarifiwa. Siku hizo mbili zilikwisha kulipiwa.

KIPURI KIKIWA NG'AMBO

Sasa tuseme sahani haikuwapo Dar es Salaam hata moja, nayo ingetoka kiwandani ng'ambo kwa ndege. Kanuni ni zile zile, lakini huongezeka mambo mawili.

La kwanza ni kwamba ndege haitozi uzito peke yake, hutoza na nafasi. Kampuni za vifurushi vya haraka kwa kawaida hupima urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya kwa 5,000. Mizigo ya kawaida ya ndege hugawanywa kwa 6,000. Kinachopatikana huitwa uzito wa nafasi, na mteja hulipa ule ulio mkubwa kati ya huo na uzito wa mizani. Tuseme sahani 3 zina kilo 36 kwa mizani. Zikitiwa katika sanduku kubwa la sentimita 80 kwa 60 kwa 50, lililojazwa makaratasi, kuzidisha kwatoa 240,000, na ukigawanya kwa 5,000 wapata kilo 48. Chama kitalipia kilo 12 za hewa. Zikilazwa moja juu ya moja katika sanduku la sentimita 50 kwa 50 kwa 20, uzito wa nafasi ni kilo 10 tu, na nauli itakuwa ya zile kilo 36. Kwa hiyo katika barua mwombeni mwuzaji akuambieni vipimo vya sanduku na uzito wake kabla ya kufunga bei, na mtaje kwamba vitu vifungwe kwa kubana lakini kwa usalama.

La pili ni forodha. Mzigo waweza kuruka siku mbili, kisha ukalala uwanjani siku sita kwa ajili ya karatasi moja. Mwuzaji aombwe kuleta ankara na stakabadhi ya mzigo kwa simu kabla ya ndege kuondoka, zenye jina la chama kama lilivyoandikishwa na namba ya mlipa kodi, ili wakala wa forodha aanze kazi mzigo ukiwa bado angani. Tena iandikwe waziwazi ni nani atakayelipa nini. Mwuzaji akisema nauli imelipwa, muulizeni imelipwa mpaka wapi, maana nauli mpaka uwanja wa ndege si ushuru, si ada ya wakala, wala si gari la kutoka uwanjani hadi kijijini.

PASIPOFAA KULIPA

Yafaa pia kusema ni wakati gani nauli ya haraka ni fedha ya bure. Zile sahani 3 zilizobaki, chama hakikuomba zije kwa ndege, ingawa wanachama wengine walitaka hivyo kwa hofu. Sahani 1 iliyo nzima, mhimili ukiwa umenyoka na mawe yakitolewa katika buni kabla ya kumenywa, hutazamiwa kumaliza msimu. Akiba ikifika mwisho wa Julai haijachelewa. Hofu haiingii katika hesabu.

Vilevile, ikiwa mwuzaji asema kitu kitakuwa tayari baada ya majuma 5, ulizeni kama yawezekana kulipia kazi ya ziada kiwandani, au kama kuna mteja mwingine au duka jingine lenye kitu hicho. Hapo fedha yenu yapasa kwenda kwenye kutayarisha, si kwenye safari. Kulipia ndege kwa ajili ya kitu kisichokuwapo bado hakuongezi hata siku moja.

Tena mwenye kuandika "haraka" katika kila agizo hulizoeza sikio la mwuzaji, hata siku ya kuvunjika kweli neno hilo halisikiki. Agizo la akiba liandikwe "si la haraka", na siku yake itajwe pia. Ndipo mwuzaji atakapoona ya kuwa chama hiki chajua kutofautisha, naye atainuka kitini siku watakapomwambia kwamba mashine imesimama.

Katika mfano wetu, Alhamisi saa 3 asubuhi pikipiki ilifika na sanduku lenye kilo 12, fundi akiwa tayari na beringi mpya imekwisha kaa mahali pake. Kufika saa 9 alasiri buni ya kwanza ilimenywa. Jioni ile katibu akatuma shilingi 50,000 za basi na stendi, akaweka stakabadhi katika jalada, na akaandika chini ya agizo namba 27: "Sahani 1 imepokewa. Zabaki 3, kwa lori, mwisho wa Julai."